Siku Chifu Alipomsifu Bwana Mabati

Wifi yangu hapendi kusemwa, na mimi sipendi kunyamaza, ndiyo maana tumeelewana miaka yote hii. Yeye ni mshonaji. Hapa kijijini wanamwita Mama Cherehani, na ukiuliza jina lake la kuzaliwa, nusu ya watu watakuangalia tu. Aliolewa na kaka yangu akiwa msichana mwembamba mwenye cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na shangazi yake, na ile cherehani ilipoingia mlangoni nilimwambia kaka, "Umeoa wake wawili, na huyu wa pili ana kelele." Hajanisamehe utani huo mpaka leo, nami sijauacha.

Chumba chake cha kazi ni cha mbele, dirisha moja linatazama barabara. Cherehani imekaa chini ya dirisha kufuata mwanga. Mkasi unaning'inia kwa uzi ukutani ili watoto wa watu wasiutie mkono, vifungo viko kwenye kopo la maziwa, pasi ya mkaa iko kizingitini ikipumua. Kuna kigoda ambacho kila mtoto wa kijiji hiki amewahi kusimama juu yake huku akipimwa sare. Sare za wifi yangu zina pindo refu kwa ndani, refu mno, hata wazazi huuliza kama kitambaa kilimzidi. Yeye hujibu, "Mtoto hakui kwa ruhusa yangu." Mwaka unaofuata unafumua pindo, unashusha sketi, mambo yanaendelea. Kwa pindo hilo kawavika watoto wa watu ambao hawakuwa na uwezo wa sare mbili, na hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja.

Kaka yangu alikuwa fundi baiskeli, na kiwanja chao kilikuwa kikubwa, kinaanzia barabarani kikienda hadi bondeni. Alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, alikuwa anakaa dirishani akiwatazama watoto wakipita alfajiri kwenda shule ya mbali, wengine viatu mkononi. Siku moja akamwita Chifu, akasema anatoa nusu ya kiwanja ijengwe shule. Mkewe alikuwa palepale kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu. Alisema tu, "Basi wapime vizuri, tusije tukagombana na watoto." Wakapima kwa kamba mbele ya wazee, wakapanda mstari wa mkonge. Ng'ambo ya mkonge ni shule, huku ni kwa wifi yangu. Kaka alifariki kabla msingi haujachimbwa.

Sasa nimlete Bwana Mabati, maana bila yeye hakuna kisa. Ana duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda, na ni shemeji yake Chifu, kamwoa dada yake. Nataka niwe mkweli: si mtu mbaya. Alianza kwa kubeba mifuko ya saruji mgongoni kwenye duka la mtu mwingine. Na shule ilipofika kwenye linta juu ya madirisha na michango ikaisha, yeye ndiye aliyetoa mabati ya paa zima, bure, bila kushikwa shati. Nilimwona siku ile yakipandishwa, amesimama jua kali akitazama juu kama mtu anayemtazama mtoto wake akiolewa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alianza kutafuta maji mapema.

Alikuja chumbani kwa wifi yangu siku moja nikiwa nashona vifungo pale kumsaidia. Akakaa kwenye kile kigoda cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, hapa mbele ya kwako pamelala tu," akasema.

"Hapajalala. Ndipo ninapoanika."

"Nguo zinaanikwa popote. Shule ikifunguliwa, watoto watataka daftari, kalamu, maandazi. Nataka nijenge vibanda hapa mstari mmoja, vinatazama geti la shule. Kimoja nitakupa wewe uhamishie cherehani. Kodi utanilipa pole pole."

Wifi yangu aliinua mguu kwenye kanyagio. "Nikulipe kodi kwenye kiwanja changu?"

"Kiwanja chako, jengo langu," akasema kwa upole kabisa, kama anamfafanulia mtoto. "Mimi nimeezeka shule, Mama. Watu nawadai shukrani, hawajui wanilipe nini. Siku ya ufunguzi nitalitangaza mbele ya mgeni rasmi. Watu wakishapiga makofi, nani atasimama kupinga maendeleo?"

Hapo sikucheka. Ni lazima ujue mambo ya hapa kwetu yanavyokwenda. Kitu kikitajwa kwenye mkutano mkubwa kikapigiwa makofi, kimepita. Ndivyo tulivyoipata njia ya kisimani, ndivyo soko lilivyohamishwa. Hakuna anayehesabu mikono. Ukinyamaza umekubali, ukipiga makofi umetia sahihi, na ukija kulalamika wiki inayofuata unaulizwa, "Siku ile si ulikuwepo?" Bwana Mabati alilijua hilo kuliko sisi wote.

Haukupita muda wakaja mafundi wake. Wakavuka mkonge, wakachimba mashimo manne marefu mbele ya dirisha la wifi yangu, wakasimamisha nguzo za chuma, wakamimina zege. Wifi akatoka na tepu shingoni. Mwenyewe Bwana Mabati alikuwa hapo akisimamia, ameshika kiuno.

"Hizi ni za nini?"

"Za turubai, Mama. Wageni wakae kivulini siku ya ufunguzi."

"Turubai na zege?"

"Upepo," akasema.

Mimi nimeshaona maturubai mengi, ya harusi na ya misiba. Unachimbia miti, unafunga kamba, jioni unang'oa. Hakuna mtu tangu dunia iumbwe aliyemimina zege kwa ajili ya kivuli cha nusu siku. Ujenzi wa vibanda ulikuwa umeshaanza, na mwenye macho haambiwi tazama.

Tukaenda kwa Chifu. Ni mzee mkavu, mwenye kikohozi cha miaka, na ana tabia ya kukusikiliza huku akitazama miguu yako. Wifi yangu akaeleza, mimi nikaeleza zaidi, nikaeleza na yale ambayo wifi aliyaruka. Chifu akauliza jambo moja tu.

"Alitamka mwenyewe kwamba ni za turubai? Mbele za nani?"

"Mbele za mafundi wake," wifi akajibu, "na huyu hapa."

"Basi, sawa." Akakohoa, akamaliza. "Mama, siku hiyo usikae nyuma. Kaa mbele kabisa."

Ndiyo hayo tu! Tukarudi njiani nikifoka peke yangu. Nilimwambia wifi, shemeji ni shemeji, damu haiwi maji na ndoa haiwi mbali na damu. Nilisema yule mzee atakula keki pale mbele na kiwanja chetu tutakisikia redioni. Wifi alikuwa anawaza jambo lingine, nililijua baadaye. Aliposikia "kaa mbele kabisa" alidhani ataitwa. Alidhani Chifu atasimama aseme ni nani aliyetoa ardhi hii, na kwamba aliitoa akiwa kitandani. Hakuniambia. Lakini niliona amekata kitambaa kizuri cha rangi ya zambarau alichokuwa amekiweka siku nyingi, akajishonea gauni, yeye ambaye hujishonea vipande vilivyobaki.

Siku ikafika. Shule imepakwa rangi, madirisha yananuka mafuta, utepe umefungwa mlangoni. Turubai limetandazwa juu ya zile nguzo nne, na chini yake wamekaa mgeni rasmi, ambaye alikuwa ofisa wa elimu, mama mmoja mwenye miwani inayoshuka puani, na walimu, na Bwana Mabati kavaa suti iliyombana kwapani. Nitaongeza kwamba hakuishona wifi yangu. Mfukoni kwenye kifua alikuwa na karatasi ya hotuba yake imekunjwa, na kila mara aliigusa. Sisi tulikaa viti vya mbele upande wa wazazi, karibu hata kuona jasho lake. Ratiba ilisema Chifu akaribishe wageni, kisha mfadhili aseme neno, kisha mgeni rasmi.

Chifu akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika kuku wa jirani.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wangu, wazazi, na ninyi watoto ambao leo mmetulia kuliko wazazi wenu," akaanza, na watu wakacheka. "Mimi ni mtu wa maneno machache. Leo maneno hayo machache ni ya mtu mmoja. Shemeji yangu, hebu simama watu wakuone."

Bwana Mabati akasimama. Makofi. Akainama kidogo, akataka kukaa.

"Usikae bado, sijamaliza," Chifu akasema. Akabaki amesimama.

"Tazameni paa hilo. Hakuna shilingi yangu hapo, wala yenu. Ni jasho la huyu. Tulipokwama, wengine tulikuwa tunapishana njiani tusisalimiane, kila mtu anaogopa kuombwa mchango. Yeye alifungua stoo. Alitoa, akaondoka. Hakuuliza shule itaitwaje, hakuuliza atapata nini."

Nikahisi damu inapanda. Yaani ndiyo hiyo? Nikamtazama wifi, uso wake umekaza kama kitambaa kwenye fremu.

"Nimesikia habari za vijiji vingine," Chifu akaendelea, pole pole, na kikohozi kikimpa nafasi ya kupumzika mahali anapotaka yeye. "Huko mtu analeta mabati, na kabla mvua haijayapiga anataka kiwanja. Analeta saruji, anataka njia. Shule ya watoto inafunguliwa, mlango wa jirani unafungwa. Wanasema ni maendeleo. Sisi Mungu ametuepusha na watu wa namna hiyo. Sisi tumepewa huyu."

Makofi tena, marefu. Mimi nilikuwa nimeshashika ukingo wa kiti. Nilikuwa nasimama. Nilikuwa na neno kinywani, neno baya, la kumuuliza yule mzee kama amelewa, mbele ya ofisa na miwani yake. Wifi yangu akanibana paja kwa vile vidole vyake vya kuvuta sindano. Machozi yalinitoka.

"Kaa," akaninong'oneza bila kugeuka. "Anamshonea."

"Anamshonea nini?"

"Nguo. Tulia uone itakavyomkaa."

Nikakaa. Na kwa kuwa nimekaa, nikaanza kutazama pale wifi alipokuwa anatazama, na si kwa Chifu hata kidogo. Alikuwa anamtazama Bwana Mabati. Yule bwana bado kasimama, tabasamu limemganda. Mkono ulikuwa umeacha kugusa mfuko.

"Sasa nguzo," Chifu akasema, na akaigonga nguzo iliyokuwa karibu naye, ikalia ngo! "Mheshimiwa, naomba uguse na wewe. Ni chuma. Chini kuna zege. Nilipoambiwa hizi ni nguzo za turubai sikuamini, nikaja kuzitazama mwenyewe. Turubai la nusu siku! Nikasema, huyu mtu ana moyo gani? Mwingine angechimbia miti, ituangukie. Yeye alipoulizwa akatamka mwenyewe, mbele ya mafundi wake, kwamba ni za turubai la wageni. Na mimi neno la shemeji yangu silipimi mara mbili."

Ofisa wa elimu akaishika nguzo, akatikisa kichwa kwa mshangao wa heshima. Kwenye viti vya wazazi nyuma yetu kukaanza minong'ono. Hapa tuna mafundi, tuna wachimbaji, tuna wanawake waliofunga maturubai tangu usichana wao. Walikuwa wameziona zile nguzo tangu asubuhi, kila mmoja na lake moyoni, na sasa wote walikuwa wanaziona pamoja. Akufukuzaye hakwambii toka. Chifu hakuwa amesema neno moja baya, lakini sidhani kama kulikuwa na mtu mzima pale ambaye hakuelewa nguzo zile zilikuwa za nini.

"Kuna wazee wawili walikuja kwangu na wasiwasi," akasema, na hapo alikuwa anatudanganya, maana wazee wenyewe tulikuwa mimi na wifi. "Wakasema, Chifu, nguzo ziko ng'ambo ya mkonge, kwenye kiwanja cha watu. Niliwacheka. Nikawaambia, mtu aliyeezeka shule nzima atashindwa kung'oa nguzo nne? Kesho asubuhi mtamwona hapa na sururu. Nami nawaomba, mkimwona msimsaidie. Msimpunguzie thawabu zake."

Watu wakacheka, na Bwana Mabati akacheka pia, maana angefanya nini? Akikasirika, watamuuliza kinachomuudhi ni nini katika kusifiwa. Akikanusha, atakuwa anasimama mbele ya ofisa kusema, hapana, mimi si mwema kiasi hicho, nguzo zile ni za kuibia kiwanja. Niliona shingo yake inatafuta nafasi kwenye kola.

"Watoto!" Chifu akawaita. "Mpaka wa shule yenu ni nini?"

"Mkongeee!"

"Na nani anatulindia mpaka huo?"

Wakasita. Chifu akanyoosha mkono kuelekea kwa yule aliyesimama.

"Bwana Mabatiii!"

"Vizuri. Siku mkiona mtu anaweka tofali upande ule wa mkonge, msije kwangu, miguu yangu mibovu. Nendeni dukani kwake, mwambieni." Kisha akashusha sauti, akamgeukia shemeji yake, na hilo nadhani lilikuwa lake peke yake ingawa kipaza sauti kililibeba. "Sifa ni mzigo, shemeji. Mtu akibebeshwa mbele ya watu hautui njiani. Lakini wewe mabega unayo. Tunajua ulianza kwa kubeba saruji."

Akampa kipaza sauti.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa mikononi mwangu. Kwa sababu bado alikuwa na njia. Angeweza kutoa ile karatasi yake, akasoma habari za vibanda kwa haraka, akawatupia watu maneno ya ajira na vijana, na kuna watu wangepiga makofi kwa mazoea tu. Mkono wake ulikwenda mfukoni. Karatasi ikachomoza nusu. Akawatazama watoto, waliokuwa bado wanamkodolea macho kama mtu aliyepewa cheo. Mmoja akampungia mkono. Akaisukuma karatasi ndani.

"Chifu amesema yote," akasema, sauti kavu. "Nguzo... nguzo nitazing'oa kesho."

Chifu alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na hakuacha. Aliendelea mpaka wazazi wakasimama, mpaka walimu wakasimama, mpaka ofisa akasimama na miwani yake mkononi. Jambo likapigiwa makofi, likapita. Upande wetu wa mkonge ukabaki wa wifi yangu mbele ya kijiji kizima na serikali.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilipomgeukia nikakuta amekunja mikono mapajani juu ya lile gauni la zambarau. Wakati huo walikuwa wanasoma shukrani: mfadhili, mkandarasi, kamati, mpaka waliochota maji ya ujenzi. Utepe ukakatwa. Mgeni rasmi akazungushwa madarasani. Kaka yangu hakutajwa. Hakuna aliyesema kuna mtu aliyekuwa akikaa dirishani. Wifi akasubiri mpaka viti vilipoanza kukunjwa, kisha akasema, "Twende, nina suruali ya mtu," na tukaenda. Niliumia vibaya, na nilipoumia nikamkasirikia Chifu upya, mara hii kwa haki.

Asubuhi Bwana Mabati alikuja kweli, na sururu, peke yake. Watu walikuja kutazama kama walivyoagizwa, na kama walivyoagizwa hawakumsaidia. Zege ni zege. Alilipiga mpaka shati likagandana na mgongo. Mimi nilikaa kibarazani nikikusudia kufurahi, na haikuwezekana. Mtu mzima kama yule, ameinama mbele ya majirani, anahema. Wifi akatoka na kikombe cha maji.

"Chifu ameniua," akamwambia, akipokea.

"Hajakuua. Amekupa jina."

"Ni zito, Mama."

"Litakuzoea," wifi akasema, akarudi ndani kwenye kazi. Mashimo Bwana Mabati aliyafukia mwenyewe, akayashindilia kwa mguu, na kabla ya kuondoka akasimama kutazama paa la shule kwa muda. Siku hizi watoto wakipita dukani kwake wanamsalimia kwa kumwita Bwana Mpaka, na nasikia aliwahi kumfukuza mtu aliyetaka kufunga mbuzi kwenye mkonge. Kilemba cha ukoka, ukivikwa mchana kweupe, nacho ni lazima ukitunze kichwani.

Alasiri ya siku ile ya sururu Chifu akaja kwa wifi yangu. Hakukaa. Mimi sikumkaribisha vizuri, nilimwanzia mlangoni.

"Mzee, umemsifu mwizi mpaka chini ya nyayo. Na kaka yangu? Aliyetoa ardhi ni nani?"

"Wifi," mwenye nyumba akanionya.

"Mwache, ana haki." Chifu akatazama miguu yangu. "Ningemtaja kaka yako, ningelazimika kutaja kiwanja. Nikitaja kiwanja na mjane, kila mtu ajue nawatetea. Shemeji yangu ajue kuna kesi. Kesi ikishakuwepo, yeye ana wakili, na ninyi mna cherehani. Nilihitaji asione mtu yeyote wa kugombana naye pale. Kila akitafuta adui, akute watu wanampigia makofi."

"Ungetuambia basi, tukae tukijua."

"Ningewaambia, wewe ungekuja na uso wa mshindi. Ungemwambia kabla yangu."

Nikavuta kopo la vifungo, nikajifanya navichambua.

"Na kama angeisoma ile karatasi?" wifi akauliza.

Mzee akakohoa muda mrefu. "Ningekuwa nimemsifu mwizi mbele ya watoto, na kwa mdomo wangu. Ningeuacha uchifu. Dada yangu hazungumzi nami hata sasa." Akatazama lile gauni la zambarau lililotundikwa msumarini. Sidhani kama alihitaji kuelezwa. "Mama, nilikuambia ukae mbele ili umwone anavyotamka. Sikufikiri utajiandaa. Hilo ni kosa langu, na si dogo."

Wifi yangu akasema si kitu. Ni uongo wake wa kawaida.

Basi yule mzee akavua kofia. Akasogeza kigoda pembeni, akasimama katikati ya chumba, vipande vya vitambaa miguuni, mgongo umenyooka, na akaanza kwa sauti ileile ya mkutano.

"Mheshimiwa Mama Cherehani. Mke wa marehemu. Itifaki imezingatiwa." Nilitaka kucheka, ikashindikana. "Shule iliyofunguliwa jana imesimama juu ya ardhi ya fundi baiskeli mmoja. Aliitoa akiwa hawezi kusimama. Hakuomba ijulikane. Alikuwa anawaona watoto wakipita na viatu mkononi, akasema watoto wa watu wamechoka. Alikuwa na mke. Mke huyo angeweza kusema, utatuachia nini? Alisema, wapime vizuri. Nilikuwepo. Mimi ni shahidi wa hao watu wawili, na nitasema hivyo siku nitakayoulizwa mahali ambapo hakuna mwanasheria."

Akaendelea, akasema na mengine, hata ya lile pindo la ndani la sare, ambalo nilidhani ni sisi wanawake tu tunaolijua. Alipomaliza akainamisha kichwa kama mbele ya mgeni rasmi. Mimi nikapiga makofi. Mikono miwili tu ndani ya chumba kile, lakini nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Wifi yangu hakupiga. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, tangu nimfahamu sijawahi kumwona hivyo, hata msibani.

"Chifu," akasema.

"Naam, Mama."

"Rudia hapo kwa mume wangu."